Mama Alijua, Lakini Kikao Hakikumsikia

Hotuba hii niliitoa Tabora mjini mbele ya wenyeviti na makatibu wa vikundi vya wafugaji nyuki. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mwangaluka!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu mliotoka Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo makatibu wengi humu mmeniambia pembeni, kwa sauti ya chini: kikao chenye watu kumi na mmoja, anasema mmoja, na kumi wanaitikia. Nitalisema kupitia kisa kimoja kilichotokea kwenye kikundi ambacho mimi nilikuwa katibu wake. Daftari la mihtasari ya vikao vile ninalo hadi leo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, mvua zimekatika, msimu mkubwa wa kurina unakaribia. Mnunuzi mmoja alipiga simu kwamba Jumamosi atafika kijijini na gari na fedha taslimu. Kamati ikaitwa, ajenda ikiwa moja: tunarina lini? Mwenyekiti alipomaliza tu kufungua kikao, mzee mmoja akasimama. Huyu ni mfugaji wa miaka mingi, alianza na mizinga ya magome akiwa kijana, na sauti yake inafika hadi barabarani. Akasema, "Tunarina Jumatano na Alhamisi. Anayeogopa moshi abaki nyumbani." Watu wakacheka. Akaeleza kwa nini, akarudia, akajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mwenyekiti akatutazama akasema, "Kuna mwenye wazo tofauti? Hakuna. Tuendelee."

Mmesikia? "Kuna mwenye wazo tofauti? Hakuna." Vuta pumzi moja, umechelewa.

Tukarina. Ndoo 14 za lita 20. Jumamosi mnunuzi akaja na kile kipimo kidogo cha kuchungulia, akadondosha tone la asali, akatazama kwenye mwanga. Maji asilimia 24. Akafunga mkoba wake. Ninyi wafugaji mnajua maana yake: asali ikizidi kama asilimia 20 ya maji, chachu zilizomo ndani yake zinapata nafasi ya kufanya kazi. Baada ya wiki tatu vifuniko vya ndoo vilikuwa vimetuna, povu juu, harufu ya pombe chumba kizima.

Nilikwenda kwa mama mmoja wa kamati, mama mpole ambaye mizinga yake iko kwenye vichanja upande wa mbugani. Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamuuliza, "Mama, wewe uliifungua mizinga yako kabla ya kikao?" Akasema, "Niliifungua Jumapili, mwanangu. Masega yalikuwa wazi, nyuki walikuwa hawajaanza hata kuyafunika kwa nta." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Hakuinua macho kwenye ungo. Akasema, "Ningesema saa ngapi?"

Ndugu zangu, nililala na swali lile. Ningesema saa ngapi?

Asubuhi nikafungua daftari nikahesabu. Katika kikao kile nilikuwa nimeandika michango 31. Ya mzee wetu 17. Ya mwenyekiti 8. Watu watatu waligawana 6 iliyobaki. Sita hatukusema kitu, na mmoja wa wale sita ni mimi niliyeshika kalamu. Ndoo 14 ziliharibika kwa kukosa sentensi moja, na sentensi ile ilikuwa chumbani, imekaa kwenye benchi la nyuma, imefunga kanga.

Kwa hiyo nataka tuanze na swali hili: kwa nini neno la kwanza lina nguvu kiasi hiki?

Mwaka 2009 watafiti wawili, Cameron Anderson na Gavin Kilduff, waliokuwa Chuo Kikuu cha Kalifornia kule Berkeley, waliweka watu wasiofahamiana katika vikundi vidogo na kuwapa maswali ya hesabu wayajibu kwa pamoja. Hesabu, si siasa. Hesabu ina jibu sahihi na jibu kosa. Wakakuta kwamba katika maswali 94 kati ya kila 100, jibu la mwisho la kikundi lilikuwa lile lile lililotajwa kwanza. Tena wale waliosema mapema na kwa kujiamini walionekana na wenzao kuwa ndio wanaojua zaidi, ilhali walipopimwa hawakuwa wamewazidi wengine.

Msiharakishe kusema kwamba mwenye sauti ni mjinga. Si hivyo. Maana yake ni kwamba sauti haikuambii kama mtu anajua au hajui. Na neno la kwanza likishatua katikati, wote waliobaki wanalijadili hilo. Anayekuja na jambo jingine anaonekana mbishi, hata kama anachosema ni "mimi niliyaona masega, yako wazi."

Ndiyo maana siwashauri mpambane na mwenye sauti kikaoni. Nimeona wenyeviti wakijaribu. "Mzee, umesema mno, wape wengine nafasi." Nini kinafuata? Mzee ananuna, anakunja mikono, na wale wapole wanaogopa maradufu, kwa sababu sasa wamejifunza kwamba hata mkubwa anaweza kuaibishwa mbele za watu. Kimya kinaongezeka badala ya kupungua. Kinachotakiwa kubadilishwa ni mpangilio: nani anaanza, anaulizwa nini, na anasubiriwa kwa muda gani.

Lakini kabla ya kikao nenda nyumbani kwa huyo mwenye sauti. Mimi nilikwenda.

Nilimkuta chini ya mwembe wake anasuka kamba ya kutundikia mzinga. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kaa." Tulizungumza habari za mizinga kwanza, maana huwezi kuingia kwa mkubwa ukamwaga neno lako mlangoni. Kisha nikamwambia, "Mzee, nimekuja kuomba msaada wako. Kuna watu kwenye kamati wanajua mambo, lakini hawasemi, na mimi nashindwa kuandika wasichosema. Nawe wanakusikiliza kuliko mwenyekiti." Sikumwambia habari ya 17 katika 31. Sikuja kumshtaki. Alikaa kimya muda mrefu, akasema neno ambalo sikulitarajia: "Mwanangu, mimi nasema sana kwa sababu ninyi mnanyamaza. Nikisema, nikaona kimya, nadhani mmekubali. Nami nabaki najiuliza kama mmekubali kweli."

Mnaona, ndugu? Kila upande ulikuwa unasubiri upande mwingine. Yeye aliona kimya ni ndiyo. Wao waliona sauti yake ni uamuzi uliokwisha.

Nikamwomba mambo mawili. La kwanza, kikao kijacho aseme wa mwisho. La pili, kabla hajatoa maoni yake, aanze kwa kurudia alichosikia kwa wenzake, ili tuwe na hakika tumesikilizana. Jambo hili la pili ndilo kubwa zaidi. Mtu ambaye kazi yake ni kurudia maneno ya wengine analazimika kuyasikiliza. Na huna haja ya kumnyamazisha, umempa kazi ya heshima inayolingana na umri wake.

Sasa niwapeleke kwenye kikao chenyewe, mwaka uliofuata, mwezi ule ule, ajenda ile ile. Mwenyekiti tulikuwa tumekaa naye tukapanga.

Kwanza, hakuuliza "mnaonaje?" Swali la "mnaonaje" linaomba rai, na rai ya mdogo mbele ya mkubwa ni kama kumpinga. Aliuliza hivi: "Wiki hii umefungua mizinga mingapi, na masega yamefunikwa kiasi gani?" Tazameni tofauti. Hakuna utovu wa adabu katika kusema ulichokiona kwa macho yako. Mama wa mbugani hawezi kumwambia mzee "umekosea", lakini anaweza kusema "nilifungua minne, robo tu ya sega ndiyo imefunikwa." Kauli hizo mbili zinafanya kazi moja. Lakini ya pili inamwachia mama heshima yake na mzee heshima yake.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza alichoona kila mtu. Mwaka 1985 Garold Stasser na William Titus walionyesha kwamba vikundi hupenda kuzungumzia yale ambayo kila mmoja anayajua tayari, na jambo linalojulikana na mtu mmoja tu mara nyingi halitajwi kabisa, au likitajwa linapita bila kushikwa. Kwetu sisi sote tulijua mnunuzi anakuja Jumamosi, basi tukazungumza mnunuzi, mnunuzi, mnunuzi. Habari ya masega ilikuwa ya mtu mmoja. Usipoiita kwa jina, haiji.

Pili, dakika 3 za kimya. Mwenye kuandika aandike. Lakini kamati yetu ilikuwa na watu watatu wasiosoma, na karatasi kwao ni aibu nyingine. Kwa hiyo tulifanya wawili wawili: mwambie jirani yako ulichokiona kwa sauti ya chini, naye akuambie chake. Kisha kila mmoja anatoa habari ya mwenzake. Hapo mama akisemewa na jirani yake, neno limeshatoka, na yeye anaongezea tu. Nimeona watu ambao hawakuwahi kufungua kinywa kwa miaka miwili wakisema, "Hapana, hajamaliza, nilimwambia pia kwamba..." Mlango umefunguka.

Tatu, mzunguko ulianzia kwa waliojiunga karibuni na vijana, ukapanda hadi kwa wazee. Wakubwa wakitangulia, wadogo wanabaki na wimbo mmoja: "Naungana na aliyetangulia." Wenyeviti, mkisikia neno hilo mara tatu mfululizo, simamisheni mzunguko. Halina habari ndani yake. Rudini kwenye swali: "Sawa, umeungana naye. Wewe kwako mizinga ikoje?"

Na mkishauliza, subirini. Mtafiti wa elimu, Mary Budd Rowe, alipima madarasa ya sayansi kule Marekani akakuta mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujibu mwenyewe au kumrukia mtoto mwingine. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 ni fupi, lakini mbele ya watu kumi ni ndefu sana. Mwenyekiti wetu alizihesabu kwa vidole chini ya meza.

Basi kikao kikatoa nini? Watu tisa walikuwa wamefungua mizinga. Upande wa mlimani masega yalikuwa yamefunikwa zaidi ya robo tatu. Upande wa mbugani, nusu na chini ya nusu, na wengi wakataka tusubiri wiki tatu. Mzee akaja mwisho. Akarudia vizuri kabisa, mmoja mmoja, hata alichosema kijana wa mwisho aliyekuwa akitetemeka. Kisha akatoa lake, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu alikuwa na jambo ambalo sisi sote hatukuwa nalo. Akasema, "Tukisubiri wiki tatu kama mnavyotaka, nyasi zitakuwa zimekauka, moto wa porini utaanza. Na nyegere ameshaonekana mbugani, amebomoa mizinga miwili ya jirani."

Kimya. Alikuwa sahihi. Kama tungemnyamazisha, tungelipata hasara kwa njia nyingine.

Uamuzi ukawa wa watu wote: mlimani tunarina wiki ile. Mbugani tunakata masega yaliyofunikwa peke yake, yaliyo wazi tunawaachia nyuki, na tunarudi baada ya siku kumi. Kabla ya hapo vijana wafyeke kuzunguka vichanja kwa ajili ya moto. Kikao kilichukua dakika 50. Kile cha mwaka uliotangulia kilichukua 70. Asali ilipopimwa, maji yalikuwa asilimia 18.

Wapo watakaosema, dada, mbona sisi Waafrika tuna utaratibu wetu? Mwalimu Nyerere alipenda kueleza demokrasia ya jadi kwa mfano wa wazee walioketi chini ya mti, wanazungumza hadi wakubaliane. Naupenda mfano ule kwa dhati. Lakini niwaulize makatibu: katika vikao vyenu, je, watu huzungumza hadi wakubaliane, au hadi wachoke? Maana vyote viwili vinaishia kwa kimya, na kwenye muhtasari vyote viwili tunaandika "wajumbe wote walikubali."

Mtavitofautishaje? Kuna dalili moja ambayo haijawahi kunidanganya: kikao cha njiani. Kikao kimefungwa kwa sala, watu wanasukuma baiskeli kurudi nyumbani, na hapo ndipo mdomo unafunguka. "Mimi ile bei sikuikubali." "Hata mimi, lakini ungefanyaje." Ukisikia mambo mapya njiani ambayo hayamo daftarini mwako, kikao chako hakijafanyika bado. Ukikuta njiani watu wanazungumza mahindi na harusi, umefanya kikao.

Dalili ya pili ni ya kalamu. Katibu, chora duara kwenye ukurasa wa nyuma, andika majina kuzunguka duara kama watu walivyokaa, na kila mtu akisema weka alama mbele ya jina lake. Usihukumu, weka alama tu. Fanya hivyo vikao vitatu. Usiibandike ukutani, usiisome mbele ya watu. Mwonyeshe mwenyekiti peke yake. Wenyeviti, jiandaeni, kwa sababu mara nyingi alama nyingi kuliko zote ziko mbele ya jina la mwenyekiti. Ikiwa ndivyo, mpe makamu aongoze mjadala, wewe subiri zamu yako kwenye mzunguko kama wengine, na iwe ya mwisho.

Sitawaficha mahali ambapo haya yote hayafanyi kazi. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilizunguka, kikanong'ona wawili wawili, kikasubiri sekunde zake, na bado jibu likawa lile lile la mtu mmoja. Nilihangaika hadi mama mmoja akaniambia ukweli: nusu ya wajumbe walikuwa wanadaiwa na yule bwana. Aliwakopesha wakati wa njaa, na wengine walikuwa wameshamwekea mazao yajayo rehani. Hapo tatizo haliko kwenye mpangilio wa kusema. Mtu mwenye deni atasema lolote la mwenye kumdai, hata umwanzishe yeye, hata umpe saa nzima. Mahali kama hapo tumia kura ya siri: punje ya mahindi kwa ndiyo, punje ya maharage kwa hapana, kila mtu amepewa zote mbili, anapita nyuma ya pazia anadondosha moja kwenye kibuyu na nyingine anaitia kwenye mfuko wa pamoja ili asikutwe nayo mkononi. Tukafanya hivyo pale, kwa swali moja tu la nani ashike mizani. Matokeo yalikuwa tofauti kabisa na yale ya mdomoni. Deni lilibaki, na lile lilihitaji kushughulikiwa kwa njia nyingine, lakini angalau mizani ilipata mshikaji ambaye watu walimwamini.

Na kuna saa ya sauti moja. Moto umeingia kwenye shamba la mizinga, au nyuki wamewavamia watu, usianze mzunguko kwa mdogo. Aliye na uzoefu apaze sauti, wengine watii. Mjadala mkaufanye mkishapumua.

Jambo la mwisho ni kuhusu yule mama. Msimu wa tatu nilimkuta tena na ungo wake. Nikamwambia, "Mama, siku hizi unasema." Akanijibu, "Sijabadilika, mwanangu. Siku hizi naulizwa habari za mizinga yangu."

Ndugu wenyeviti na makatibu, muda wa maswali umefika, na hatutaanza na mikono inayoinuka haraka. Kila mmoja amgeukie jirani yake sasa hivi, dakika 3, mwambie kikao kimoja cha kikundi chako ambapo ulijua jambo na hukulisema, na kilichokuzuia. Kisha tutaanza na benchi la nyuma, pale dirishani, kila mtu akitusimulia habari ya mwenzake kwa ridhaa yake. Wazee wangu wa mbele, nawaomba mtuwekee kumbukumbu, tutawafikia mwisho mturudishie mliyoyasikia. Haya, tugeukiane.